Uzi: Herufi 发 iko mara nne kwenye meseji moja, kila moja na maana yake. Wachina wanajuaje ipi ni ipi?

Nywele_Kariakoo:

Wakuu, habari za leo. Nauza mawigi na nywele za kusuka hapa Kariakoo, mzigo nautoa Xuchang, mkoa wa Henan, ambako viwanda vya nywele vimejaa mji mzima. Miaka yote nilikuwa namtegemea wakala anitafsirie kila kitu, sasa nimeanza kujifunza kusoma mwenyewe taratibu, maana pesa ni yangu na nataka nijue ninachoandikiwa. Jana muuzaji kanitumia hii:

真人发已发货,发票明天发给你。

Nikaingia kwenye kamusi kutafuta herufi moja moja. Hiyo 发 imo mara nne. Kamusi inasema 发 ni nywele, ni kutuma, ni kutoa, ni kukua, ni kutajirika, ni kupandwa na homa, na kuna mahali inatumika kuhesabia risasi. Ujumbe wenyewe nimeuelewa kwa sababu najua nilichoagiza: nywele zimeshatumwa, ankara inakuja kesho. Kwa hiyo siombi tafsiri. Ninachotaka kujua ni kwa nini herufi moja ibebeshwe vyote hivyo wakati wana maelfu ya herufi, na Mchina mwenyewe akisoma anajuaje kuwa hii ni nywele na ile ni kutuma bila hata kusita.

Shangazi_Temeke:

Mwanangu, hapo penye 真人发 fungua macho. Wanakuandikia nywele za binadamu, ukifungua boksi zimechanganywa na za plastiki. Chomoa unywele mmoja uchome kwa kiberiti. Nywele ya mtu inanuka kama unyoya wa kuku ulioungua na inasagika vidoleni kuwa majivu. Ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usimalize malipo kabla hujachoma.

Nywele_Kariakoo:

Ahsante shangazi, kuchoma nachoma kila mzigo. Leo nauliza upande wa maandishi tu.

Baharia_Mbagala:

Jibu lake fupi. Mwaka 1956 serikali ya China ilipunguza mikwaju ya herufi ili wananchi wajue kusoma haraka. Kabla ya hapo kila herufi ilikuwa na maana yake moja. Nywele ilikuwa 髮, kutuma ilikuwa 發. Wakazikunja zote mbili zikawa 发. Mkorogano wote umeanzia hapo. Nenda Hong Kong au Taiwan ambako wameendelea na herufi za zamani, tatizo hili hawanalo.

Mwalimu_Tunu:

Baharia, umeshika nusu, na hiyo nusu uliyoshika ni ya kweli kabisa. Lakini hebu tuichukue meseji ya huyu dada tuiandike kwa herufi za zamani, tuone inatatua nini:

真人髮已發貨,發票明天發給你。

Umeona? Iliyobadilika ni ile ya kwanza peke yake. Zile tatu zilizobaki zote ni 發, na bado zimetofautiana: ya kwanza ni kusafirisha mzigo, ya pili iko ndani ya neno la ankara, ya tatu ni kumtumia mtu kitu. Kwa hiyo mabadiliko ya 1956 yanaeleza kwa nini nywele imeingia kwenye herufi hii. Hayaelezi kwa nini 發 yenyewe ina maana nyingi, na maana hizo ni za kale mno.

Ziangalie hizo herufi mbili kwa karibu, ukiweza zikuze kwenye simu. 髮 juu yake ina kipande hiki, 髟, kinachokaa kwenye herufi za nywele na ndevu. 發 chini yake kushoto ina 弓, na hiyo ni upinde. Xu Shen alipoandika kamusi yake karibu mwaka 100, aliieleza 發 kuwa ni kufyatua mshale. Ukianzia kwenye mshale unaoachiwa kutoka kwenye upinde, utaona kila kitu kwenye kamusi yako kinakaa mahali pake. Risasi moja hadi leo ni 一发子弹, yaani fyatuo moja. Mzigo ukiutoa kiwandani uende zake ni 发货. Taa ikitoa mwanga ni 发光. Watu wakiondoka safari ni 出发. Mbegu ikitoa chipukizi ni 发芽. Kilichochipuka kikiendelea kukua ni 发展, na hapo tumeshafika kwenye maendeleo ya nchi. Pesa zikimtokea mtu kwa wingi ni 发财. Ankara ni 发票 kwa sababu ni karatasi ambayo muuzaji ameitoa.

Hakuna kikao kilichokaa kuamua hayo. Kila kizazi kilipata jambo jipya la kusema, kikachukua neno lililo karibu na kulisogeza hatua moja. Baada ya hatua nyingi, mwanzo na mwisho havionekani tena kama ndugu.

Na ungeuliza kwa nini wasiunde herufi mpya kwa kila hatua: nani angezikariri? Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na katika hizo 3,500 ndizo zinahesabiwa kuwa za matumizi ya kawaida. Maneno ya lugha ni makumi ya maelfu. Herufi chache lazima zifanye kazi nyingi kwa kuunganishwa mbili mbili, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili.

Baharia_Mbagala:

Nimekuelewa mwalimu. Lakini nywele na mshale wapi na wapi? Kwa nini waunganishe hizo mbili na siyo nyingine?

Mwalimu_Tunu:

Sauti. Zote mbili ni fa kwa Kichina cha Beijing, tofauti ni toni tu. Herufi ya mikwaju mingi ilipotafutiwa mbadala, mara nyingi walichukua nyepesi iliyotamkwa sawa au karibu sawa. 发 yenyewe imetokana na 發 ilivyokuwa ikiandikwa kwa mwandiko wa haraka wa mkono, na nywele ikapewa hifadhi humo humo. Kwa hiyo kwenye 发 ya leo kuna ukoo mmoja mkubwa wa maana zilizozaana, na kuna mgeni mmoja aliyehamia mwaka 1956.

Dogo_Guangzhou:

Wakuu nipo huku mwaka wa pili wa masomo. Mbona mnazunguka? Ni toni. Nywele ni fà, sauti inaporomoka. Kutuma ni fā, iko juu na imenyooka. Ukijua toni umemaliza.

Nywele_Kariakoo:

Dogo, meseji haina toni. Nimeandikiwa, sikupigiwa.

Mwalimu_Tunu:

Dada kamjibu vizuri. Kwenye sauti, toni inamtenga yule mgeni, hilo Dogo yuko sahihi. Ukitumiwa ujumbe wa sauti, fà na fā masikio yanayapambanua. Kwenye maandishi mambo yamegeuka: huwezi kujua utamke toni gani mpaka uwe umeshajua maana. Toni inakuja mwishoni, baada ya kazi kufanyika.

Halafu Dogo, kwa kuwa uko Guangzhou, muulize mwenyeji anayezungumza Kikantoni akutamkie 發 na 髮. Kwao zinatamkwa sawa, toni sawa, zote faat. Hong Kong wanaziandika mbalimbali na kuzitamka pamoja, Beijing wanaziandika pamoja na kuzitamka mbalimbali. Kote wanaelewana. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachofanya kazi ya kuchagua, mbali na toni na mbali na umbo la herufi.

KaaLaMoto:

Mie niko Mombasa, Kichina sikijui, ila hili si geni kwetu. Kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa chini ndugu yangu. Hakuna Mswahili anayemtia kaa wa baharini jikoni akidhani atawasha jiko. Ukisikia "la" umeshajua ni la moto, ukisikia "wa" umeshajua ana miguu. Ngeli ndiyo inayotuamulia. Sasa Wachina ngeli wanazo?

Mwalimu_Tunu:

Umeuliza swali zuri sana, KaaLaMoto. Ngeli kama zetu hawana, kitenzi chao hakibadiliki kwa nomino yoyote. Wanayo maneno ya kuhesabia, yanakaa kati ya namba na kitu, na yanafanya sehemu ya kazi hiyo. Unywele mmoja ni 一根头发, hilo 根 ni la vitu vyembamba virefu. Wigi moja ni 一顶假发, na hilo 顶 ni la vitu vinavyovaliwa kichwani kama kofia. Dada, kwenye oda zako ukiona 顶 baada ya namba, muuzaji anahesabu mawigi, hata kabla hujafika kwenye 发. Na kwenye 一发子弹 herufi yetu imekuwa yenyewe ndiyo neno la kuhesabia: iko mara tu baada ya namba na inafuatwa na risasi, hapo haiwezi kuwa nywele wala kutuma.

Lakini maneno ya kuhesabia yanatokea pale tu panapohesabiwa kitu. Mzigo mkubwa wa kuchagua unabebwa na jirani wa herufi. Kichina cha leo kinapenda maneno ya herufi mbili, na 发 ya nywele ni tegemezi, haisimami peke yake kwenye mazungumzo. Ukitaka kusema nywele zangu lazima useme 头发. Nje ya hapo inaegemea kitu kinachohusu kichwa: 理发 kunyoa, 染发 kupaka rangi, 洗发水 shampuu, 白发 mvi, 假发 wigi, 发型 mtindo wa nywele. Jirani hao ni wachache na wanajulikana. 发 ya kutuma ni kitenzi huru, inasimama peke yake na inakubali alama za kitenzi: 已 mbele yake (tayari), 没 mbele yake (bado au hakufanya), 了 nyuma yake (imeshatendeka), 给 nyuma yake (kumpa au kumtumia fulani).

Turudi kwenye meseji. 已发货: kuna 已 mbele na 货, mzigo, nyuma. Kutuma, hakuna mjadala. 发票: hao wawili ni neno moja, ankara, usiwaachanishe. 明天发给你: kuna siku mbele na 给你 nyuma. Kutuma tena. Imebaki 真人发 mwanzoni, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa wewe uliipita bila kuhangaika.

Nywele_Kariakoo:

Ngumu vipi mwalimu? 真人 mtu wa kweli, 发 nywele. Ndiyo kila siku wanavyoandika kwenye lebo.

Mwalimu_Tunu:

Kwenye lebo zako, ndiyo. Mtu ambaye hauzi nywele akiona 真人发的 chini ya tangazo mtandaoni anaelewa "limetumwa na mtu wa kweli," yaani siyo programu inayojituma yenyewe. Herufi tatu zile zile, na hapo 发 ni kitenzi, fā. Kwako 真人发 ni jina la bidhaa kwa sababu mnazungumza biashara ya nywele tangu mwanzo, na kwa sababu sentensi inaendelea na 已发货, kwa hiyo kinachotajwa mwanzoni lazima kiwe kitu kinachosafirishwa. Macho yako yalikuwa yameshaamua kabla hujafungua kamusi.

Shangazi_Temeke:

Sasa nami niulize maana naona mnajua. Kuna boksi nimepokea limeandikwa 真人发假发. Nikamuuliza kijana mmoja anayejua jua akasema 真 ni kweli na 假 ni bandia. Ni ya kweli au ni bandia? Wananichezea?

Mwalimu_Tunu:

Hawakuchezei, shangazi. Soma mbili za mwisho kama neno moja: 假发 ni wigi, na kila wigi ni 假发 kwa kuwa haikuota kichwani kwa anayeivaa. Kinachotangulia, 真人发, kinasema wigi hiyo imetengenezwa kwa nini: nywele za binadamu. Kwa hiyo ni wigi ya nywele za binadamu. Kama kweli ni za binadamu, hilo kiberiti chako ndicho kitasema.

Nywele_Kariakoo:

Hapo kwenye 假发 pananirudisha kwenye kitu kingine. Kwenye mtandao ninakonunulia, sehemu ya kanuni kwa wauzaji, kuna kichwa kimeandikwa 虚假发货. Naiona 假发 wazi wazi katikati, lakini ukurasa mzima hautaji nywele, unazungumzia faini. Na juzi tukiwa kwenye kundi la wanunuzi, mmoja karibu na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina kauliza 放假发货吗? Hapo tena 假发 ipo katikati. Muuzaji kajibu kuhusu tarehe za kufunga kiwanda.

Mwalimu_Tunu:

Dada, umeleta mfano bora kuliko wote ninaotumia kufundishia. Tuuchambue polepole.

Kichina hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Msomaji ndiye anayekata, na akikata vibaya anapata maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Ziweke zako pamoja na moja ambayo lazima umeshaiona:

```
虚假发货   虚假 / 发货       kutuma mzigo kwa uongo
放假发货   放假 / 发货       mapumzikoni mnatuma mzigo
假发发货   假发 / 发货       wigi, kutuma mzigo
```

Katika ya kwanza, 虚 inamvuta 假, kwa kuwa 虚假 ni neno linalojulikana, uongo. 假 akishachukuliwa, 发 amebaki hana wa kushikana naye kushoto, anaenda kulia kwa 货. Maana yake ni muuzaji kujaza namba ya kufuatilia mzigo wakati hajatuma kitu, na ndiyo maana ukurasa unazungumzia faini. Katika ya pili 放 inamvuta 假, lakini huyu 假 ni mwingine: 放假 ni kupumzika kazi, sikukuu, na hapo 假 inatamkwa jià, siyo jiǎ ya bandia. Herufi mbili zimebadilika maana kwa pamoja kwa sababu ya jirani mmoja wa kushoto. Katika ya tatu hakuna mtu kushoto kwa 假, na kuna 发 wawili, kwa hiyo kila mmoja amepata mwenzake.

Ona jinsi uchaguzi unavyokwenda. Mchina hapangi maana saba za 发 mezani akaanza kuzichuja. Anatambua 虚假 kwa mkupuo mmoja, kama sisi tunavyotambua neno zima bila kusoma silabi, na akishalitambua hilo, wigi haikupata hata nafasi ya kujitokeza.

Msimbo254:

Nimekuwa nikisoma kimya toka Nairobi. Mimi huandika programu, na nilishawahi kufanya kazi na matini ya Kichina, kwa hivyo hili la kukata nalijua kutoka upande wa mashine. Njia ya zamani na rahisi ni kumpa kompyuta orodha ya maneno na kumwambia kila mara achukue neno refu kabisa linalopatikana. Sasa mpe 假发货, bila kitu kingine, na orodha iwe na 假发, 发货, 假 na 货:

```
kutoka kushoto:  假发 / 货
kutoka kulia:    假 / 发货
```

Orodha moja, sheria moja, majibu mawili. Ukianzia kushoto unapata bidhaa za wigi. Ukianzia kulia unapata kutuma kwa uongo. Sheria haina namna ya kujua ipi ni sawa. Watu wakagundua kwamba lazima uhesabu pia ni maneno gani hukaa karibu na yapi katika maandishi mengi halisi, na hata hivyo hukosea.

Tatizo hilo hilo hutokea ukigeuza maandishi ya China bara kuwa ya Taiwan. Kutoka 髮 na 發 kwenda 发 ni rahisi, zote zinaangukia mahali pamoja. Kurudi ndiyo kazi. Programu ikigeuza herufi moja moja, 理发 inakuwa 理發 badala ya 理髮, na Mtaiwan akiona hivyo anajua papo hapo kwamba maandishi yametoka bara yakapitishwa kwenye mashine.

Nywele_Kariakoo:

Na hiyo 假发货 mtu akiisoma yeye anaielewaje?

Mwalimu_Tunu:

Ikiwa peke yake, haamui. Anasubiri. Mnunuzi akiandika 他家假发货 halafu akaongeza kuwa siku zinapita na mzigo hausogei, ni kutuma kwa uongo. Kikiwa kichwa cha ghala chenye picha za mawigi, ni bidhaa za wigi, ingawa mwandishi mwangalifu angeongeza neno moja ili msomaji asikwame. Na hilo ndilo watu hufanya kwa kweli: wakihisi herufi inayumba, wanairefusha. Kwenye kanuni wameandika 虚假发货, siyo 假发货. Ile herufi moja ya ziada imeondoa utata wote.

Wasiwasi wangu ni kwako wewe unayeuza mawigi. Kwenye biashara nyingine yoyote 假发货 ina maana moja tu ya kawaida. Kwenye yako, zote mbili zinawezekana kila siku. Ukiikuta kwenye malalamiko, tafuta kwanza kama kuna namba ya kufuatilia mzigo inayotajwa, au siku za kuchelewa.

Dogo_Guangzhou:

Nimekubali kuhusu toni. Nami nina yangu. Hospitali za huku zina mlango wenye kibao 发热门诊. Mwenzangu anayejifunza alikisoma akasema ni kliniki maarufu, kwa sababu 热门 ni kitu maarufu, kinachopendwa na wengi. Kumbe ni kliniki ya wenye homa. Ni kukata tena, siyo?

Mwalimu_Tunu:

Ni kukata tena. 发热 / 门诊, homa na kliniki ya wagonjwa wa kutwa. Akikata 发 / 热门 / 诊 anabaki na 发 isiyo na kazi upande mmoja na 诊 isiyo na kazi upande wa pili. Hiyo ni dalili ya kuaminika sana kwa mwanafunzi: mkato ukiacha herufi zikining'inia pembeni bila mwenza, rudi ukate upya.

Na ongeza hili: simu yako ikipata moto ukiitumia sana, hiyo nayo ni 发热. Mtu akiwa 发热 anapelekwa hospitali, simu ikiwa 发热 inazimwa kidogo. Mkato ni ule ule. Anayeamua ni kile kinachotajwa kuwa ndicho chenye joto.

Baharia_Mbagala:

Mwalimu, hapo pa homa sikubaliani na ule mti wako wa mshale. Kutoa mwanga, sawa. Kutoa joto, sawa. Lakini nimeona 发胖 ni kunenepa na 发红 ni kuwa mwekundu. Mtu akinenepa anatoa nini? Hiyo ni maana mpya kabisa, ingestahili kuhesabiwa peke yake.

Mwalimu_Tunu:

Kamusi nyingi zinaipa namba yake peke yake, kwa hiyo huna kosa. Mimi naiona kama hatua moja zaidi: kilichokuwa ndani kinaanza kujitokeza nje. Homa inajitokeza, unene unajitokeza, wekundu unajitokeza usoni. Ndiyo maana 发 hii inapenda mabadiliko yanayomjia mtu bila kuyataka, na wala hailingani na maneno yote. 发胖 ipo, lakini kupungua mwili hawasemi kwa 发, wanatumia neno jingine. Hilo kwangu linaonyesha kuwa wazo la kutokeza bado liko hai ndani yake.

Baharia_Mbagala:

Linaweza pia kuonyesha kuwa ni mazoea tu, watu wamekariri 发胖 nzima nzima. Wewe mwenyewe umesema wanatambua kwa mkupuo.

Mwalimu_Tunu:

Hapo umenibana kidogo. Kwa msomaji wa kila siku huenda ni mazoea. Kwa anayejifunza, uzi wa kutoka kwenye mshale unamsaidia kukumbuka, na ndiyo maana naufundisha. Kama uzi huo uko kichwani mwa Mchina anaposoma, sina ushahidi wa kukupa.

Msimbo254:

Mashine yangu hukubaliana na Baharia. Kwake 发胖 ni ingizo moja kwenye orodha, basi, haijui upinde.

KaaLaMoto:

Mashine haijui, lakini mtoto anapojifunza kuandika 發 kule Taiwan anauchora upinde kwa mkono wake. Hilo nalo si kitu?

Shangazi_Temeke:

Nilikuja kwa ajili ya kiberiti, sasa naanza kusoma maboksi yote ya stoo. Hapa kuna moja limeandikwa 染发 na jingine 可染. Yote ni ya rangi?

Mwalimu_Tunu:

La kwanza ni kupaka nywele rangi, au nywele zilizopakwa, inategemea kilichoandikwa pembeni. La pili, 可染, ni "inakubali kupakwa rangi," na hapo nywele haikutajwa kabisa kwa sababu iko ndani ya boksi. Shangazi, nywele za plastiki za kawaida hazishiki rangi ya kupaka nywele. Ukiona 可染 kwenye boksi na kiberiti kikakuonyesha kidonge kigumu, boksi na kilichomo havikubaliani.

Nywele_Kariakoo:

Nimeandika swali langu kwa muuzaji, 放假发货吗? Kanijibu sasa hivi: 放假不发,初八发. Nimekata hivi: 放假 / 不发, 初八 / 发. Mapumzikoni hatutumi, tarehe 8 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao tunatuma. 发 zote mbili ni kutuma, ya kwanza kwa sababu ya 不, ya pili kwa sababu ya siku iliyo mbele yake. Nimepatia?

Mwalimu_Tunu:

Umepatia zote. Na hiyo tarehe 8 wengi wanaichagua kufungulia biashara makusudi, kwa kuwa nane, bā, inakaribiana kwa sauti na fā ya 发财.

Dogo_Guangzhou:

Mwalimu, ukipata nafasi tufungulie uzi mwingine wa 行. Kuna sentensi wananichekea nayo darasani, 一行行行行行, siwezi hata kujua nianzie kukata wapi.

Mwalimu_Tunu:

Anza na hii: yì háng xíng, háng háng xíng. Ukiweza kazi moja, kazi zote unaziweza. Háng ni aina ya kazi, xíng ni kuweza. Kwa nini herufi hiyo ikawa na zote mbili, uzi wake nitaufungua Jumamosi.